Mnunuzi wa Rotterdam: weka akiba ya maneno, lakini pima kontena

Swali

Mimi ni katibu wa AMCOS ya wakulima wa viungo wilayani Muheza. Wiki iliyopita tumepata barua pepe ya mtu anayejitambulisha kuwa meneja manunuzi wa kampuni ya viungo ya Rotterdam, Uholanzi. Hatumjui wala hatujawahi kumwandikia. Anataka tani 25 za pilipili manga "kwenye kontena moja la futi 20", kwa bei inayokaribia mara mbili ya tunayolipwa hapa. Anataka tumtumie barua yenye nembo yetu, imesainiwa na kugongwa muhuri, pamoja na namba ya akaunti ya benki, kisha tulipe euro 480 za kutusajili kuwa wauzaji wao. Katupa siku tano. Tumeitafuta hiyo kampuni mtandaoni, ipo kweli, na tovuti yake ni nzuri. Mwenyekiti anasema huu ni utapeli mtupu, tumwambie hivyo hivyo. Mwekahazina anasema tukimtukana mteja wa kweli tutakuja kujuta. Tumjibuje?

*Katibu, Muheza*

Jibu

Ndugu Katibu, euro 480 msilipe, na hilo halisubiri uchunguzi wowote. Mnunuzi anayetaka mzigo hamtozi muuzaji ada ya kumjua. Zipo kampuni kubwa zinazomtaka muuzaji ajiunge na mfumo wa ukaguzi wenye malipo, lakini hayo huja baada ya sampuli kukubaliwa, na pesa hulipwa moja kwa moja kwa wakaguzi wenyewe. Haziendi kwenye akaunti iliyotajwa katika barua pepe ya kwanza. Barua yenye nembo, saini, muhuri na namba ya akaunti nayo ibaki kabatini. Mtu mwenye karatasi hiyo anaweza kesho kumwandikia mnunuzi mwingine akijifanya ndiye ninyi.

Sasa tuje kwa mwenyekiti na mwekahazina, maana huenda wote wawili wana haki. Kampuni ya Rotterdam inaweza kuwa ya kweli kabisa, na aliyewaandikia asiwe mtu wake. Huu ndio mtindo uliozoeleka: tapeli hajisumbui kuunda kampuni ya uongo ikiwa anaweza kuazima jina la kampuni halali yenye tovuti, anwani na historia. Ndiyo maana kuikuta kampuni mtandaoni hakujajibu swali lenu. Mlitafuta kama kampuni ipo, mkaikuta. Kinachotafutwa ni kama huyu mtu anatoka kwao. Na ndiyo maana pia si vizuri kumwandikia "wewe ni tapeli". Akiwa ni yeye kweli, mmepoteza mteja. Akiwa si yeye, mmemfundisha wapi alijikwaa, na kikundi kitakachoandikiwa wiki ijayo kitaletewa barua iliyorekebishwa.

Anzeni na anwani aliyotumia, kabla hamjamjibu chochote. Msiishie kwenye jina linaloonekana juu, kwa sababu hilo mtu hujiandikia apendavyo. Tazameni kikoa, yaani maneno yanayofuata alama ya @, herufi kwa herufi, mkilinganisha na anwani ya tovuti ya kampuni. Tofauti huwa ndogo: tovuti inaishia na .nl lakini barua pepe inaishia na .com, au limeongezwa neno "trading", au kistari na herufi mbili, au herufi l imegeuzwa kuwa tarakimu 1. Kama mnatumia Gmail kwenye kompyuta, bonyezeni nukta tatu zilizo kando ya barua, kisha "Show original". Hapo angalieni kama kuna mstari wa "Reply-To" wenye anwani nyingine. Ukiwepo, jibu lenu litakwenda huko wala si kwa yule mnayedhani anawaandikia.

Kwenye ukurasa huo huo mtaona SPF, DKIM na DMARC, ambavyo ni vipimo vya kukagua barua imetoka kwenye kikoa gani, na pengine neno PASS mbele yake. Hapa wengi huteleza. PASS zote tatu maana yake ni kwamba barua imetoka kweli kwenye kikoa kilichoandikwa. Hazisemi kikoa hicho ni cha nani. Tapeli aliyenunua kikoa chake kinachofanana na cha kampuni atapata PASS zote tatu bila shida, kama vile mtu anavyoweza kuwa na leseni halali ya udereva na bado gari likawa si lake. Kwa hiyo FAIL ni habari mbaya, lakini PASS bado si habari njema.

Kikoa kikiwa kinaishia na .com, kiandikeni kwenye lookup.icann.org na msome tarehe kilipoandikishwa, iliyo kando ya neno "Created". Kampuni inayojinadi kuwa imefanya biashara ya viungo miaka thelathini, huku kikoa cha barua pepe kina wiki tatu, ina jambo la kueleza. Wakati mwingine lipo la haki, mathalani imebadili jina karibuni. Andikeni tarehe hiyo pembeni, msihukumu bado.

Halafu mwende kwenye daftari la serikali. Kampuni za Uholanzi huandikishwa KVK, na kila moja ina namba ya tarakimu nane. Ukiandika jina kwenye kvk.nl unaonyeshwa bure namba na anwani, ila hati kamili ndiyo hulipiwa. Namba ya kodi ya VAT ya kampuni ya nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya huhakikiwa bure kwenye mfumo unaoitwa VIES. Ya Uholanzi huanza na NL, zikafuata tarakimu tisa, herufi B na tarakimu mbili. Anayeingiza mzigo Ulaya kutoka nje lazima pia awe na namba ya forodha inayoitwa EORI. Hizi si siri. Mtu wa manunuzi huziomba kwa mhasibu wake na kuzipata kabla chai haijapoa. Lakini kumbukeni kwamba anayeazima jina anaweza kuazima na namba. Kazi ya daftari hapa ni kuwapa anwani halisi ya kampuni, ili mjue pa kubisha hodi.

Na hodi inabishwa kwa mlango mwingine, si kwa ule alioufungua yeye. Hiki ndicho kipimo kinachozidi vyote. Chukueni namba ya simu ya ofisi kutoka kwenye tovuti ya kampuni, ile ambayo ninyi wenyewe mmeiandika kwenye kivinjari. Msitumie namba iliyo chini ya barua yake wala kiungo alichowatumia, kwani hata tovuti huigwa. Simu za mezani za Rotterdam huanza na +31 10. Inayoanza na +31 6 ni ya mkononi, na +44 7 si ya Uholanzi kabisa, ni ya Uingereza. Mtu wa manunuzi anaweza kuwa na simu ya mkononi, hilo si kosa. Ila kampuni yenye ghala bandarini isiyo na simu ya mezani hata moja, huku meneja anapatikana WhatsApp tu, inatia shaka. Saa za Uholanzi ziko nyuma ya zetu kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi, hivyo mkipiga kati ya saa tano asubuhi na saa kumi jioni mtawakuta kazini.

Katika simu msiulize kama kuna tapeli. Semeni tu: "Tunapiga kutoka Tanzania, ni ushirika wa wakulima wa pilipili manga. Tarehe fulani tulipata barua pepe ya Bwana fulani wa idara ya manunuzi. Tunaomba utuunganishe naye." Basi, nyamazeni msikilize. Ikiwa yupo, mtaunganishwa, na mazungumzo ya dakika mbili yatawaonyesha kama anaijua barua aliyoandika. Ikiwa hayupo, mpokea simu mwenyewe atasema hawana mtu huyo, na pengine ataongeza kwamba ninyi si wa kwanza kupiga. Kuna hali ya tatu: yupo mtu wa jina hilo, lakini hajawaandikia. Hapo jina lake limeazimwa pamoja na la kampuni. Mkishindwa Kiingereza cha simu, andikeni barua fupi kwa anwani ya jumla iliyo kwenye tovuti mkiuliza hilo hilo. Ubalozi wa Tanzania ulioko The Hague na TanTrade nao ni mahali pa haki pa kuomba msaada wa kumfahamu mnunuzi, ila jibu lao halitakuja ndani ya siku tano. Siku tano hizo ni zake. Ninyi hamjazikubali.

Wakati mnasubiri, mjibuni. Jibu zuri hulisoma mnunuzi wa kweli akaona ameandikiwa na watu wa kazi, na akilisoma asiye wa kweli hana pa kukasirikia. Siri yake ni kuuliza juu ya mzigo kabla ya kuuliza juu ya mtu. Hapa lipo kwa Kiswahili ili kamati nzima ilielewe kabla hujaligeuza Kiingereza. Humo FOB Tanga ni bei ya mzigo uliopakiwa melini Tanga, na CIF Rotterdam ni bei iliyojumlisha nauli na bima hadi Rotterdam:

> Ndugu Bwana …,
>
> Tunashukuru kwa barua yako ya tarehe … kuhusu pilipili manga. Sisi ni ushirika wa wakulima ulioandikishwa Tanzania kwa namba …, na tunalima pilipili manga wilayani Muheza, mkoani Tanga.
>
> Ili tuweze kukupa bei, tunaomba utufahamishe: (1) uzito unaoutaka kwa gramu kwa lita, na kiwango cha juu cha unyevu, (2) vipimo vya maabara mnavyotaka na maabara mnayoikubali, (3) tani 25 mnapanga zisafirishwe katika makontena mangapi na ya ukubwa gani, (4) bei uliyotaja ni FOB Tanga au CIF Rotterdam, (5) njia ya malipo.
>
> Kwa kila mnunuzi mpya, kamati yetu huhitaji namba ya KVK, namba ya VAT, namba ya EORI na simu ya mezani ya ofisi. Ukitaka kutuhakiki nasi, tutakupa taarifa za Tume ya Maendeleo ya Ushirika inayotusimamia.
>
> Ushirika wetu haulipi ada ya usajili kwa wanunuzi. Barua rasmi na taarifa za benki hutolewa pamoja na profoma, baada ya sampuli kukubaliwa. Tuko tayari kutuma sampuli ya kilo moja, gharama ya usafirishaji ikilipwa na mpokeaji.
>
> Wako, Katibu, kwa niaba ya Kamati

Tazama maneno "kwa kila mnunuzi mpya" na "kamati yetu huhitaji". Hayo ndiyo yanayoondoa tuhuma. Hukumshuku yeye, umemweleza utaratibu. Na si uongo, maana kuanzia leo muufanye ndio utaratibu wenu, hata kwa mnunuzi wa Dubai au wa Mombasa mnayempenda. Kuhusu kuwahakiki ninyi, msiliweke kama pambo. Wanunuzi wa Ulaya nao hulizwa na wauzaji hewa wa Afrika na Asia, na yule wa kweli atafurahi kuona mmelitaja kabla hajaliuliza.

Swali la tatu ndilo tamu, tulitazame kwa karibu. Pilipili manga hupimwa ubora wake pia kwa uzito wa lita moja ya punje. Iliyokomaa na kukaushwa vizuri hufika gramu 550 kwa lita, na wanunuzi wengi huzungumzia kati ya 500 na 550. Chukua chombo cha lita moja, jaza, pima kwenye mizani yenu, mtaona. Kwa gramu 550, tani 25 ni lita 45,450 hivi, yaani meta za ujazo 45. Kontena la futi 20 ndani lina meta za ujazo 33 tu. Hata ukiimwaga pilipili humo bila magunia mpaka ifike darini, haizidi tani 18 hivi. Ikiwa kwenye magunia, yenye nafasi katikati, hesabu ya kawaida ni tani 14 hadi 16. Oda aliyowaandikia haiingii.

Asiyejua biashara hii aliona mahali kwamba kontena la futi 20 hubeba tani 25, na ni kweli kwa mchele au sukari, ambavyo ni vizito kwa ujazo wake. Pilipili hujaza kontena kabla haijafikia uzito huo. Hata hivyo msimwambie kwamba amekosea. Muulizeni tu, kama mlivyouliza. Mnunuzi wa kweli aliyeteleza kalamu atajibu mara moja: kontena mbili za futi 20, au moja la futi 40. Kontena la futi 40 lina meta za ujazo 67 hivi, linatosha. Asiyejua atajibu "kontena moja la futi 20 kama nilivyosema, tafadhali harakisheni usajili".

Swali la vipimo nalo hufanya kazi hiyo hiyo. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaweka kikomo cha sumukuvu kwenye pilipili manga: maikrogramu 5 kwa kilo kwa aina ya B1, na 10 kwa jumla ya aina zote. Mzigo ukizidi hapo huzuiwa bandarini, na hasara humwangukia aliyeuingiza. Ndiyo maana mnunuzi wa Rotterdam husumbuka na sumukuvu, salmonela na mabaki ya viuatilifu kuliko anavyosumbuka na bei. Anayeagiza tani 25 kwa bei ya mara mbili bila kuomba sampuli wala cheti cha maabara, ama haijui kazi yake, ama pilipili yenu siyo anayoitafuta.

Jibu lake likija, lipimeni hivi. Akijaza namba zote, akasahihisha kontena, akataja maabara na kuomba sampuli, na simu ya mezani ikamthibitisha, basi ada ya euro 480 iulizeni tu ilikuwa ya nini. Huenda ikafutika yenyewe. Akipunguza ada kuwa euro 200, au akiibadilisha jina ikawa "ya wakili", "ya bima" au "ya cheti cha kuingiza mzigo Ulaya", mmekwisha kupata jibu. Cheti cha afya ya mimea kwa mzigo wa Tanzania hutolewa hapa nchini na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea, na cheti cha uasilia mnaweza kukipata TCCIA, chemba ya biashara. Wakala wa mnunuzi aliyeko Ulaya hawezi kuwauzia vyeti hivyo. Akikasirika na kuuliza kwa nini hamumwamini, msijitetee wala msiombe radhi. Rudieni mstari mmoja: kamati inasubiri taarifa zilizoombwa tarehe fulani.

Kuna aina ya pili ya utapeli ambayo haiombi senti, nayo ni hatari zaidi, maana mtu huyu anaweza kugeukia huko mkimkatalia ada. Anakubali kila kitu, halafu anataka mzigo uende kwanza alipe baada ya siku 60, au anatuma PDF ya "hati ya SWIFT" kuonyesha kwamba pesa iko njiani. Karatasi ya SWIFT iliyotumwa kwa barua pepe si pesa. Pesa ni ile ambayo benki yenu, mkiwa dirishani kwao, imesema imeingia na inaweza kutolewa. Hata LC, yaani ahadi ya benki ya kulipa, lazima iwafikie kupitia benki yenu, iliyoipokea kwa mfumo wake na kuithibitisha. LC iliyoambatishwa na mnunuzi kwenye barua pepe ipelekeni benki mkaulize kama wanayo. Kama hawana, haipo. Kwa oda ya kwanza na mtu msiyemjua, ombeni LC au malipo ya awali, na anzeni na kiasi kidogo ambacho kikipotea ushirika hautavunjika.

Ikiwa simu ya Rotterdam itawaambia hawamjui mtu huyo, wasaidieni wenye jina. Watumieni barua ile ikiwa kiambatisho: kwenye Gmail fungua nukta tatu zilizo juu ya barua na uchague "Forward as attachment", ili taarifa za njia iliyopitia zibaki ndani yake. Ukiisambaza kwa njia ya kawaida zinapotea. Andikeni kwamba mmepokea hii yenye jina lao na mmeona vema waifahamu. Mkitaka, ongezeni sentensi moja kwamba pilipili manga ya Muheza ipo kweli, na ambatisheni cheti chenu cha maabara. Yule mwandishi wa kwanza hamna haja ya kumwambia chochote zaidi. Mkimaliza wiki mbili bila namba mlizoomba, funga faili, andika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba ombi limesitishwa kwa kukosa taarifa, na mwenyekiti asaini hapo.